Badala ya Sana

"Mama Ngabo, mtu mahututi anaweza kusema?"

Générose aliniuliza hivyo juu ya ua unaotenganisha nyumba zetu hapa Kibagabaga, Jumatatu moja ya kiangazi, nikiwa naanika shuka. Hakunisalimu kwanza, na Générose si mtu wa kusahau salamu. Nilidhani anamzungumzia mgonjwa mwingine, maana mumewe Eustache tulikuwa tumeshamzika na kilio tumeshakimaliza. Nikamwambia inategemea. Akasema jibu la inategemea hawezi kulipeleka kwa shemeji yake. Anataka ndiyo au siyo.

Nikaiacha shuka kwenye kamba, upande mmoja ukigusa majani, nikasogea karibu na ua.

Alikuwa ameshika karatasi ya kanisa iliyotoka jana yake. Kanisa letu lina ibada ya Kiswahili kwa ajili yetu tuliolelewa Tanzania na wenzetu waliotoka Kongo na Burundi, na kila mwezi hutoa karatasi iliyokunjwa mara mbili: neno la mchungaji, habari za kwaya, ndoa na misiba. Tanzia ya Eustache niliiandika mimi. Niliombwa kwa sababu nilikuwa jirani yake na kwa sababu nilimtembelea hospitalini. Générose aliweka kidole chini ya mstari mmoja, akanisomea kwa Kiswahili chake cha kusitasita, maana yeye alikulia hapahapa Kigali na Kiswahili alikipata kwa mumewe: "Tangu Jumatatu ndugu yetu alikuwa mahututi, na Ijumaa alfajiri Bwana akamwita."

"Umeandika wewe," akasema.

Nikautazama ule mstari. Jina chini ya tanzia lilikuwa langu. Lakini neno lile sikuliandika.

Ili lieleweke nililoandika, lazima nimtaje Mwalimu Gratien. Ni mwalimu mstaafu, amefundisha Kiswahili miaka yake yote, na karatasi ya kanisa ni mtoto wake wa uzeeni. Jumamosi alasiri hutukusanya, sisi tunaoiandikia, katika chumba cha nyuma ya kanisa. Tuko wachache. Wengine wamesoma, kama Keith, kijana aliyelelewa Kampala, anayepanga kurasa kwenye kompyuta. Mimi nilifika darasa la saba huko Ngara na basi.

Mwaka huu Mwalimu aliingia na vita vyake na neno sana. Alisema alihesabu katika toleo moja la karatasi yetu akakuta kila kitu ni sana: Mungu mwema sana, kwaya iliimba vizuri sana, watu walikuwa wengi sana, mvua ilikuwa kubwa sana. Na palipokuwa hapana sana palikuwa na kabisa, au kweli kweli, au mno. Alisema sana ni kama maji kwenye uji. Kikombe kimoja si neno. Cha pili na cha tatu, mtu hajui tena kama anakunywa uji au ananawa.

Akatufundisha njia za kuepuka. Ya kwanza ilikuwa rahisi, nami niliipenda: Kiswahili kina vijineno vyake vidogo vya kukaza, kila kimoja na mwenzake. Nyeupe ni pe. Nyeusi ni ti. Kimya ni jii. Giza ni totoro. Aliyelowa amelowa chepechepe, aliyelala amelala fofofo. Huwezi kuvibadilishana, ukisema giza pe watu watakucheka. Keith akauliza kama anaweza kuandika kwamba mchungaji alihubiri fofofo. Mwalimu akamwambia mchungaji hapana, ila wasikilizaji wengine tunawajua.

Njia ya pili ilikuwa kutafuta neno moja ambalo ndani yake sana imeshakaa. Maskini sana ni fukara. Mzee sana ni kikongwe. Aliyechoka sana yu hoi. Ya tatu ilikuwa mfano, lakini mfano wa kwetu. Yeye alitoa ule wa watu wa pwani, amekonda kama ng'onda, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua ng'onda ni nini, hata akaeleza ni samaki aliyekaushwa. Nikamwambia sisi hapa tunajua ndagala, wale dagaa wa ziwani. Akasema basi andika ndagala, msomaji wako yuko Kimironko sokoni, hayuko Zanzibar. Ya nne aliitaja mwishoni, watu wakiwa wameshaanza kufunga mikoba, na sikuiandika. Nakumbuka tu alisema ukikosa neno, acha neno, sema kilichotokea.

Niliporudi nyumbani siku ile nilikuwa kama mtu aliyehamishiwa vyombo jikoni. Kila neno niliponyoosha mkono kulichukua halikuwa mahali pake. Sokoni nilitaka kumwambia muuza nyanya kwamba nyanya zake ni ghali sana, nikasimama nikitafuta neno moja la ghali sana, akadhani nimekubali bei. Usiku nilipiga magoti. Nikasema, Bwana, nakushukuru, nikanyamaza. Kwa miaka mingi nilikuwa nasema nakushukuru sana. Sasa nikawa sijui kama Mungu naye huhesabu. Nikasema nakushukuru kama ndagala, nikaona aibu, nikazima taa.

Kwa hiyo nilipokaa kuandika tanzia ya Eustache, nilijitahidi. Nilitoa sana nyingi. Badala ya mkarimu sana niliandika kwamba meza yake haikujua kufungwa. Lakini nilipofika kwenye ugonjwa nilishindwa. Niliandika hivi, nakumbuka vizuri: tangu Jumatatu alikuwa mgonjwa sana, sana kweli. Nilijua Mwalimu atakunja uso, lakini mkono haukutaka kuandika kingine. Nikampelekea.

Naye akaipiga msasa, kama anavyofanya kwa kazi za sisi sote. Mgonjwa sana, sana kweli, akaigeuza neno moja. Mahututi.

Hayo yote nilimweleza Générose juu ya ua, naye akanisikiliza akiwa amekaza midomo. Kisha akanieleza ya kwake.

Eustache na mdogo wake Kagabo walikuwa na karakana moja Gisozi, pale Agakiriro penye mafundi wengi, wanatengeneza vitanda na makabati. Shimwa, binti wa Eustache, amesoma useremala katika chuo cha ufundi, na kwa miaka miwili alikuwa anafanya kazi kwenye meza ya baba yake, akiranda na kupiga vanishi. Kagabo hakupinga wala hakufurahi. Jumatano ile kabla ya kifo, jioni, Eustache alimwambia mkewe wakiwa peke yao: meza yangu apewe Shimwa, afanye kazi pamoja na Kagabo, wasigawane karakana. Siku ya kumaliza kilio Générose aliyasema maneno hayo mbele ya ukoo, na Kagabo akainamisha kichwa akakubali. Neno la anayekufa halikataliwi.

Sasa Jumapili Kagabo alisoma karatasi ya kanisa. Naye ni Mnyarwanda wa Tanzania kama mimi, amelelewa na lile neno. Kule, chumba cha wagonjwa mahututi ni kile chenye mashine na mipira puani, ambacho ndugu husimama nje ya mlango. Na yeye mwenyewe alikuwa amekwenda hospitalini Jumanne, akamkuta kaka yake hata jicho hafumbui. Basi asubuhi ile ya Jumatatu Shimwa alipofika karakana, baba yake mdogo alimsimamisha mlangoni. Akamwambia arudi nyumbani akamwulize mama yake jambo moja: mtu aliyekuwa mahututi tangu Jumatatu aliagizaje Jumatano?

Hapo ndipo swali lilipotoka.

Nilimwona Shimwa nyuma ya mama yake, ameketi kwenye kizingiti, randa yake ndani ya mfuko wa nailoni miguuni. Hakuwa analia. Alikuwa anakwaruza gundi kavu kwenye kucha.

"Mimi sikutunga," Générose akasema, na safari hii alisema Kinyarwanda, kwa sauti ya chini. Kisha akarudi kwenye Kiswahili, kana kwamba jambo hili ni la Kiswahili na huko ndiko litakakomalizikia. "Mama Ngabo, wewe ulikuja Jumatano. Ulimwona. Alikuwa mahututi au hapana?"

Nikajaribu kukumbuka kwa utaratibu.

Jumatano ile nilipeleka uji mchana. Eustache alikuwa na figo zilizokataa. Alikuwa amevimba uso na amekonda mikono, kama watu wawili walioshonwa pamoja. Alinitambua, kwa maana alisema Mama Ngabo. Lakini kisha alisema mambo yasiyo na kichwa wala miguu, nikamwitikia tu ndiyo, ndiyo, kama tunavyowaitikia wagonjwa. Akafumba macho. Nilikaa nikimwombea. Nilipoondoka sikujua kama amelala au ameondoka kwa namna nyingine. Sasa huyo ni nani? Nikisema hakuwa mahututi, mbona niliona mauti yamekaa kitandani naye? Nikisema alikuwa mahututi, nimemfungia Shimwa mlango.

Nikamwambia Générose kwamba nitakwenda kwa Mwalimu.

Nilimkuta Mwalimu Gratien nyumbani kwake, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Alinikaribisha bila kuitoa. Nilimsimulia, naye kadiri nilivyoendelea akaacha kuchezesha vidole. Alipoelewa, akasema kwamba neno ni lake na atalibeba yeye. Lakini kwanza alijitetea kidogo. Alisema katika hesabu yake mahututi ni mgonjwa sana, katika neno moja, na mimi niliandika sana mara mbili na kweli juu yake. Kama si mahututi, nilimaanisha nini?

Hapo nilichanganyikiwa zaidi. Nikamwambia sijui. Nilimaanisha sana.

Alicheka, akaacha. Akaanza kunipangia maneno moja moja, kama mtu anayempimia mtoto viatu. Hoi? Nikasema hoi ni mtu aliyetoka shamba, akinywa chai ataamka. Taabani? Nikasema taabani iko karibu, lakini taabani ni hata mtu aliyeharibikiwa na biashara. Hajiwezi? Nikasema kweli hakujiweza, lakini vikongwe wengi hawajiwezi na wanakula wanashiba. Yu kufa kupona? Nikasema hiyo ni kama mahututi yenye miguu mirefu. Kila neno alilonipa lilibana mahali au lilipwaya mahali.

"Unaona," Mwalimu akasema, "sana haisemi chochote, ndiyo maana haikosei. Inaongeza tu kiasi. Neno zito haliji na kiasi peke yake, linakuja na picha yake. Nilipotoa sana yako nikaweka mahututi, nilidhani nimeweka uzito uleule. Kumbe nimeingiza chumba kizima, na mashine, na mlango uliofungwa."

"Basi turudishe sana," nikasema.

"Kagabo atasema tumerudisha kwa sababu Générose amelia."

Ni kweli, angesema hivyo. Nikauliza kama mahututi kwa haki maana yake ni mtu asiyejitambua. Mwalimu akasema hilo ndilo tatizo lenyewe. Wako wanaolitumia kwa mtu mwenye ugonjwa wa hatari, anajitambua au hajitambui. Na wako wanaolisikia kama mtu aliyekwisha kuzimika akili. Yeye alilitumia kwa maana ya kwanza, Kagabo amelisoma kwa maana ya pili, na wote wawili wana haki nalo. Nikamwambia Kiswahili hiki basi ni mtego. Akasema si Kiswahili, ni haraka.

Tukakubaliana kwamba tutakutana Jumatano baada ya maombi ya mchana, katika chumba cha nyuma, na kwamba Kagabo ataitwa. Mwalimu atamwambia jambo hilo uso kwa uso, kisha litaandikwa sahihisho katika toleo lijalo. Niliondoka nikiwa na maneno mengi kuliko niliyokuja nayo na bado sina moja.

Siku mbili zile nilifanya kosa la kuuliza watu. Mwanangu Ngabo, anayefanya kazi uwanja wa ndege Kanombe, alisema kwenye simu, mama, kwani mtu akiwa mahututi si anapelekwa Nairobi? Mwanamke wa Kikongo ninayeimba naye kwaya alisema kwao husema tu mugonjwa mubaya, na kila mtu anaelewa. Nilimwomba Mungu anionyeshe neno. Nilipoamka nilikuwa na neno hoi, na nilijua silo.

Jumatano Kagabo alikuja akiwa na vumbi la mbao kwenye nyusi. Ni mtu mpole wa kutazama, mrefu, anakaa ukingoni mwa kiti kama anayetaka kuondoka. Alimsalimia Mwalimu kwa mikono miwili, mimi akaniita mama, Générose akamwita shemeji bila kumtazama. Shimwa alibaki nje kwenye benchi, lakini dirisha lilikuwa wazi na kila mtu alijua liko wazi.

Mwalimu alianza. Alisema neno si la Mama Ngabo, ni la kwake, alilibadilisha bila kuuliza kwa sababu ya vita vyake na sana. Alisema yote bila kujikwepesha. Kagabo alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hana ugomvi na Mwalimu, wala na Mama Ngabo, wala na shemeji. Hata na Shimwa hana. Mtoto ana mkono mzuri. Lakini karakana ni ya watu wanaoaminiana. Akikubali jambo kwa neno la marehemu, anataka liwe la marehemu.

"Jumanne nilimwona kwa macho yangu," akasema. "Nilikaa naye saa nzima. Hakufumbua jicho, hakuminya mkono. Nikarudi nikamwambia mke wangu, kaka ameshaondoka, umebaki mwili. Kisha naambiwa kesho yake alitoa wosia wenye vipengele. Nilinyamaza kwa heshima. Sasa karatasi ya kanisa yenyewe inasema nililoliona."

"Mimi ni mwongo basi," Générose akasema.

"Sijasema hivyo, shemeji. Huzuni humwambia mtu maneno anayotaka kuyasikia."

Générose akavuta kanga yake mabegani akatazama ukuta. Nilidhani atainuka. Hakuinuka.

Kagabo akanigeukia mimi. Akasema yeye si mtu mgumu. Mama Ngabo ni mtu wa sala, alimwona kaka yake siku hiyohiyo ya Jumatano. Niseme mbele ya watu: alikuwa anajitambua? Kama alikuwa anajitambua, Shimwa arudi kwenye meza ya baba yake na neno hili lisisemwe tena. Kama hakuwa, basi tuzungumze upya kama ukoo.

 Nikafungua mdomo. Maneno yote ya Mwalimu yakanijia kwa pamoja, hoi, taabani, hajiwezi, yakisukumana mlangoni, na hakuna lililotoka. Nikasema alikuwa mgonjwa. Nikasema alikuwa mgonjwa sana. Kagabo akatikisa kichwa polepole, kwa huruma, kama mtu aliyepata jibu lake.

Mwalimu Gratien akainua mkono.

"Acha hilo, Mama Ngabo. Usitafute neno la ugonjwa wake. Ile njia ya nne. Niambie tu alichofanya ulipoingia, kisha alichofanya baada ya hapo. Usipime chochote."

Nikamwuliza kama niseme hata yasiyo na maana. Akasema hasa hayo.

Basi nikasema, nikitazama mikono yangu ili nisitazame mtu. Nilisema niliingia nikakuta amefumba macho. Nikaweka chupa ya uji mezani, kifuniko kikalia, akafumbua. Akasema, Mama Ngabo, umekuja na jua hili. Nikamlisha vijiko vitatu, cha nne akageuza uso. Kichwa hakuweza kukiinua mwenyewe, nilikiinua mimi, na kilikuwa kizito kama cha mtoto aliyelala. Akasema uji una sukari ndogo. Nikamwambia daktari amekataza. Akasema daktari si yeye anayeunywa.

Shimwa nje ya dirisha alitoa sauti ndogo, sijui ya kucheka.

"Endelea," Mwalimu akasema. Alikuwa anaandika.

"Kisha akaanza kuweweseka," nikasema. "Hapo ndipo sijui niseme nini, maana sikuelewa. Aliniuliza kama zile mbao zimeingizwa. Nikamwuliza mbao gani, akasema zile mbichi. Akasema, mwambie azitoe juani, azipange kivulini na vijiti katikati, zitapinda. Alisema mara mbili, zitapinda. Chumba kile hakikuwa na mbao, hata kitanda ni cha chuma. Sikujua nimwambie nani. Nikamwitikia ndiyo, zimeingizwa. Akafumba macho, hakusema tena nikiwepo. Hayo ndiyo niliyoyaona. Mengine siyajui. Maneno aliyomwambia mkewe jioni sikuyasikia, siwezi kusema niliyasikia."

Nilipomaliza nilijua nimeharibu. Nimeanza na mtu mwenye akili ya kulalamikia sukari, nikamalizia na mtu anayeona mbao hospitalini. Nilitaka kumwomba Générose radhi kwa macho, lakini Générose alikuwa anamtazama Kagabo.

Kagabo alikuwa ameegemea kiti, kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Alisema juani?" akauliza.

"Alisema juani."

"Na vijiti katikati."

"Ndiyo."

Akajifuta uso kwa kiganja, vumbi likabaki mstari kwenye shavu. Alipozungumza alimtazama Mwalimu, si sisi.

"Zile mbao zilikuja Jumanne asubuhi. Ghalani hapakuwa na nafasi, nikaziacha nje zimelala moja juu ya nyingine, kwenye jua. Sikumwambia mtu, nani nimwambie mambo ya mbao? Mchana nikaenda hospitalini. Nikakaa pale, yeye kafumba macho. Mtu huchoka kukaa kimya, nikaanza kuongea mwenyewe. Nikamwambia mbao zimefika, nimezianika nje. Hakujibu. Nikasema, hanisikii." Akaikunja kofia yake. "Zimepinda. Zote."

Mwalimu aliacha kuandika. Akaiweka kalamu juu ya karatasi taratibu, kana kwamba itavunjika.

Mimi bado nilikuwa nyuma, nikijaribu kupanga: Jumanne hakufumbua jicho, Jumatano aliniambia kuhusu jua. Kwa hiyo Jumanne, aliyelala pale kama mwili uliobaki, alikuwa anasikiliza. Sasa huyo tumwite nani? Nilimtazama Mwalimu anisaidie, lakini sidhani kama hata yeye alikuwa na neno.

Kagabo akaelekeza uso dirishani. Akaita jina la Shimwa, si kwa nguvu. Shimwa akasimama nje ya dirisha, mfuko wa randa mkononi.

"Kesho uje mapema," akamwambia. "Yule mteja wa kabati anataka milango miwili, mmoja nimeukosea."

"Sawa, baba mdogo."

Nilidhani yameisha. Mwalimu naye alidhani hivyo, kwa maana alivuta karatasi yake akaanza kusoma kwa sauti sahihisho alilokuwa ameandika: Jumatano hakuweza kuinua kichwa, alimtambua jirani yake, akasema uji una sukari ndogo, akaagiza mbao zitolewe juani. Hakukuwa na sana ndani yake, wala mahututi. Alimwuliza Kagabo kama anaridhika nalo. Kagabo akatikisa kichwa kwamba ndiyo, lakini sidhani alisikia. Alikuwa anatazama sakafu, na midomo yake ikitembea kidogo, kama mtu anayerudia jambo alilolisema zamani ili akumbuke alilisemaje.

"Nilikaa saa nzima," akasema. "Habari za mbao si za saa nzima. Nilimwambia na mengine, ya karakana."

Générose aligeuka. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya mtu anayeuliza bei ya chumvi.

"Mengine yapi, shemeji?"

Kagabo akasimama. Alitafuta kofia yake kwenye kiti, ilikuwa mkononi. Alimtazama Générose, kisha Shimwa aliyekuwa bado dirishani, akafungua mlango, akatoka.